Wakuu, "cheka" ni kitenzi elekezi au si elekezi? Ofisi ya walimu imegawanyika

mwl_ngaramtoni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaokijua Kiswahili kwa undani. Nafundisha kidato cha pili huku Ngaramtoni, na Jumatatu nilikuwa kwenye mada ya vitenzi. Nikaandika ubaoni mifano ya vitenzi si elekezi kama ilivyozoeleka: lala, anguka, cheka, fika, shinda. Nikaeleza kwamba ukisema "Asha amekata" msikilizaji anabaki anauliza amekata nini, yaani anadai yambwa, kile kinachotendwa, lakini ukisema "Asha amelala" hana la kuuliza.

Binti mmoja anayekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona tunasema *wananicheka*? Hiyo -ni- ya katikati si ndiyo yambwa?" Nikamwambia tutalirudia Alhamisi, nikalipeleka swali ofisini. Mmoja akasema cheka ni elekezi, na kamusi ikiweka [sie], yaani si elekezi, imekosea. Wa pili akasema ni vitenzi viwili vilivyofanana sura. Wa tatu akasema "wananicheka" ni lugha ya mtaani, sahihi ni "wananichekea".

Huyo wa tatu ndiye aliyenileta hapa, maana kwa sikio langu maneno hayo mawili hayasemi kitu kimoja hata kidogo.

BabaNeema_Himo

Mwalimu, jibu ni fupi. Kitenzi chochote kikipokea yambwa ni elekezi. Hata lala ni elekezi, kwa sababu tunasema "kuku amelalia mayai" na "usimlalie mtoto". Anguka nayo ni elekezi: "tofali limemwangukia". Hiyo orodha ya si elekezi inayofundishwa shuleni ingefutwa tu, kila kitenzi cha Kiswahili kinaweza kupewa yambwa.

Mhariri_Sakina

Baba Neema, sehemu ya kwanza umepatia: yambwa inaweza kuingia hata mahali tusipoitarajia. Ila mifano yako haithibitishi ulichosema. Aliyeleta mayai kwenye "kuku amelalia mayai" si lala, ni ile -ia ya kauli ya kutendea. Ondoa -ia uone kama mayai yanabaki: "kuku amelala mayai" hakuna anayesema. Kazi ya -ia ndiyo hiyo, inakifungulia kitenzi nafasi ya mtu au kitu kingine. Kwa hiyo lalia ni elekezi, lala imebaki ilivyokuwa.

Swali la yule binti ni gumu zaidi, na ndiyo maana nimelipenda. "Wananicheka" haina -ia. Ni cheka tupu imemeza yambwa bila msaada wa mnyambuliko wowote.

Mwenzako wa tatu, mwalimu, hayuko sahihi. "Wananicheka" ni Kiswahili fasaha, na kauli yake ya kutendwa ipo siku zote: "nilichekwa na darasa zima". Angalia tofauti. Mtu ameteleza kwenye tope pale stendi, ndoo imemwagika, wapita njia wanamcheka. Yeye ndiye kichekesho, na wanaweza kumcheka hata akiwa ameshaondoka. Sasa chukua mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake ndani ya daladala. Ukimtazama, anakuchekea. Hapo hakuna kichekesho, kicheko kimeelekezwa kwako kama zawadi. Ndiyo maana mzazi anayelegeza malezi tunasema "anamchekea mtoto wake". Ukisema "anamcheka mtoto wake" umemfanya mzazi mkatili.

Kuhusu kitenzi kimoja au viwili: kwa cheka nasema ni kimoja. Tendo la kucheka ni lile lile, kilichoongezeka ni mtu anayeumia kwalo. Kwa shinda ningejibu tofauti kabisa, lakini nasubiri wengine.

Mama_Shanga_Mbuyuni

Shikamoo Mhariri, shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi, sijui hizo yambwa, ila haya maneno nayasikia kila siku mezani kwangu. Mteja akija anasema "nishonee gauni". Akitokea anayesema "nishone" namrekebisha pale pale, kwa sababu anayeshonwa ni mtu mwenye jeraha, na anayemshona ni daktari. Herufi chache tu lakini ni sindano tofauti.

Halafu akijaribu nguo tunasema "limekukaa" au "limekubana". Je, kaa nayo imekuwa kama cheka?

Mhariri_Sakina

Marahaba mama. Mfano wako umenifaa kuliko vyote vilivyopita, kwa sababu hayo maneno mawili yanasemwa juu ya gauni moja, kwa mteja mmoja, na yanatofautiana.

Sisi wahariri tunapima yambwa kwa njia mbili. Kwanza, je, kiambishi chake kinaingia ndani ya kitenzi? Pili, je, inaweza kugeuzwa kuwa kiima kwenye kauli ya kutendwa? "Gauni limembana" inapita kote: limem-bana, na "amebanwa na gauni". "Gauni limemkaa" inapita mlango wa kwanza tu. Jaribu wa pili: "amekaliwa na gauni". Hapo unaona gauni limemkalia kichwani. Maana ya kupendeza mwilini imepotea kabisa.

Watu wengi wanaishia kuuliza "inasemeka au haisemeki?" Hiyo haitoshi. Swali ni kama sentensi imebaki na maana ile ile baada ya kugeuzwa. "Amekaliwa" inasemeka vizuri sana, ila inasema jambo jingine.

Kondakta_Mstaafu

Nami niulize langu. Nimefanya kazi kwenye Hiace za Arusha–Moshi miaka mingi. Abiria anauliza "gari hii inakaa watu wangapi?" Tunajibu inakaa watu kumi na wanne. Je, hao watu kumi na wanne ni yambwa? Maana gari haikai, wanaokaa ni watu. Kila nikiwaza naona sentensi imesimama kichwa chini, lakini sijawahi kusikia mtu akishindwa kuielewa.

Mhariri_Sakina

Mzee wangu, umeona vizuri. Ni sawa na "ndoo hii inaingia lita 20" au "chumba hiki kinalala watu watatu". Mahali pamekaa kwenye nafasi ya kiima na mtendaji amesukumwa nyuma ya kitenzi, kwa hiyo anaonekana kama yambwa kwa sababu tu ya mahali alipoketi. Ipime: "gari hii inawakaa watu kumi na wanne" haisemeki. "Watu kumi na wanne wanakaliwa na gari" ni msiba. Imeanguka mara zote mbili. Si yambwa, na kaa hapo haijawa elekezi. Kumbe kuona jina baada ya kitenzi hakutoshi kuita sentensi elekezi, na hapo wanafunzi wengi wanakosa alama.

mwl_ngaramtoni

Asanteni sana. Mhariri, ulisema shinda ungeijibu tofauti, na mimi niliiweka ubaoni kwenye orodha ya si elekezi. Naomba uifungue.

Mhariri_Sakina

Nitaeleza kwa kisa cha kazini. Niliwahi kuhariri jarida la shirika moja, toleo la habari za ukame. Chini ya picha ya mama aliyeketi nje ya boma na watoto, mwandishi aliandika: "Mama huyu ameshinda njaa na wanawe wanne." Sentensi nzuri, kila mtu anaielewa. Ilipopita kwa msahihishaji, ikarudi hivi: "Mama huyu ameishinda njaa na wanawe wanne." Aliamini kwamba Kiswahili fasaha lazima kiweke kiambishi cha yambwa. Kwa kiambishi kimoja, -i-, mama ambaye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni akawa mama aliyeipiga njaa akaimaliza. Habari yenyewe ilikuwa inaomba msaada wa chakula.

Chukua "ameshinda njaa" uiulize swali. Ukiuliza "ameshinda nini?" unapata jibu la ajabu. Ukiuliza "ameshindaje?" jibu linakuja lenyewe: njaa. Ndilo swali tunalosalimiana kila jioni, umeshindaje, na mtu anajibu "nimeshinda salama". Hakuna atakayeiita salama yambwa. Njaa hapo inafanya kazi ile ile: inaeleza hali aliyokuwa nayo kutwa. "Amelala njaa" ni ndugu yake wa usiku.

Sasa weka kiambishi. Shinda ya kutwa haikubali yambwa kabisa, kwa hiyo msikilizaji akisikia -i- analazimika kuitupa maana hiyo na kushika nyingine pekee inayoruhusu yambwa, yaani ile ya mapambano. Kauli ya kutendwa inathibitisha: "njaa imeshindwa" ina maana moja tu. Vilevile "ameshinda sokoni" ni kutwa nzima sokoni, lakini "ameshindwa sokoni" ni biashara imekataa.

Ndiyo maana kwa shinda nasema ni vitenzi viwili, mwalimu. Yambwa haikubadilisha maana kidogo kidogo, ilichagua kati ya maana mbili zilizokuwa zinaishi kwenye umbo moja. Ile ya kutwa ni si elekezi. Ile ya mapambano ni elekezi, hata pale yambwa inapofichwa, kama "Simba wameshinda", ambapo kila mtu anajua kuna timu imeshindwa.

Mama_Shanga_Mbuyuni

Na "kazi imenishinda"? Hapo kazi ndiyo imenipiga mimi?

Mhariri_Sakina

Ndiyo mama, hiyo ni shinda ya mapambano, kazi ndiyo mshindi. Igeuze: "nimeshindwa na kazi". Maana haikuyumba.

Mzawa_KiruaVunjo

Nimefuatilia kimya kimya. Nyumbani tunazungumza Kivunjo, Kichaga cha huku kwetu, na kuna jambo linalonisumbua nikiandika Kiswahili. Kwetu tunasema *naikimlyia*: anakila kwa ajili yake. Chakula kimo ndani ya kitenzi, ndiyo hiyo -ki-, na mtu anayefanyiwa yumo, ndiyo -m-. Wote wawili wamekaa pamoja bila kugombana. Kwenye Kiswahili nalazimika kuchagua mmoja. Naweza kusema "anakila" au "anamlia chakula", ila siwezi kuwaingiza wote. Halafu hiyo "anamlia" nayo haisemi ninachotaka, watu wanasikia kama anamdhulumu.

Mhariri_Sakina

Ni kweli, Kiswahili kina kiti kimoja tu cha yambwa ndani ya kitenzi. Mtu na kitu wakigombea, mtu ndiye anayekaa. "Amemnunulia mtoto viatu": -m- ni mtoto, viatu vinabaki nje. Ukigeuza, "mtoto amenunuliwa viatu" ni safi, lakini "viatu vimenunuliwa mtoto" haisimami.

Kuhusu "anamlia", sikio lako liko sawa. "Wamenilia hela yangu" ni malalamiko. Kutendea kwa Kiswahili hakuna maana ya wema peke yake, kunasema tu kwamba tendo limemgusa mtu huyo. Kama ni kwa faida au hasara, kitenzi chenyewe ndicho kinachoamua: kununulia kunaleta faida, na kulia kitu cha mtu kunaleta hasara, kwa sababu kilicholiwa hakirudi.

Mtafsiri_Rau

Mhariri, nakubaliana nawe hadi hapo, lakini kuna kundi hujaligusa. "Jasho linanitoka." "Hofu imemwingia." "Msiba umetufika." Toka, ingia, fika, wote hao ni vitenzi vya mwendo, wote wamewekwa kwenye orodha ya si elekezi, na wote wanapokea mtu bila -ia. Na wanapita mlango wako wa pili: natokwa na jasho, ameingiwa na hofu, tumefikwa na msiba. Maana imebaki palepale. Kwa kipimo chako basi ni elekezi. Lakini jasho halinifanyi chochote!

Mimi naona hiyo -ni- ni mwenye mali tu. "Jasho linanitoka" ni "jasho langu linatoka". "Kichwa kinaniuma" ni "kichwa changu kinauma". Ni sawa na "daktari amemkata mguu", ambapo kilichokatwa ni mguu, na -m- inatuambia ni wa nani.

Mhariri_Sakina

Kwa jasho na kichwa umenishawishi. Kwa hofu bado. Kabla haijamwingia, hofu haikuwa yake, na "hofu yake imeingia" si tafsiri ya "hofu imemwingia". Msiba uliotufika nao haukuwa wetu, ulikuja. Naona hapo mtu ni mahali jambo linapotua. Mtu kawa kama nyumba: hofu inaingia, jasho linatoka, msiba unafika mlangoni.

Ndiyo maana pia "msiba umetufika" na "taarifa ya msiba imetufikia" hazibadilishani. Taarifa imesafiri hadi kwetu na tumeipokea. Msiba wenyewe umetupata.

Mtafsiri_Rau

Nasimama kwenye hoja yangu kwa viungo vya mwili na vitu vinavyotoka mwilini. Kwa hofu nakuachia, ila sitaki tuviite elekezi kwa sababu tu vinapita vipimo. Aliyeingiwa na hofu hajatendwa na yeyote.

BabaNeema_Himo

Nimesoma yote tangu jana. Bado naamini orodha ya ubaoni ina matatizo, lakini nimepata jozi ambayo naona inaeleza kile mlichosema kwenye cheka. Kimbia. "Mtoto amemkimbia baba yake" na "mtoto amemkimbilia baba yake". Ya kwanza baba kashika fimbo. Ya pili baba karudi safari na mfuko. Miguu ni ile ile, upande ni kinyume kabisa!

Na hama pia. "Amehama Moshi" ameondoka. "Amehamia Moshi" amekuja.

Mhariri_Sakina

Baba Neema, hiyo jozi ya kimbia ni dhahabu. Yambwa isiyo na -ia ni anayeachwa au anayeumia, na yenye -ia ni anayeelekewa. Wananicheka, wananichekea. Amenikimbia, amenikimbilia. Kwa hama nina angalizo moja: Moshi ni mahali, na mahali pengi huwa hatupaiti yambwa. Lakini "wamemhama chifu wao" inasemeka, na "wamemhamia" ni kinyume chake, kwa hiyo hoja yako inasimama hata kwa watu.

Mwalimu, Alhamisi ningeanza na hiyo ya kimbia. Waandike sentensi mbili, waambie wachore baba yuko wapi kwenye kila moja. Kisha ndiyo uende kwenye cheka. Shinda njaa iache mwisho, kwa sababu inawataka wageuze na kupima maana.

mwl_ngaramtoni

Wakuu, kipindi kimekwisha, nimerudi na mrejesho. Nilifuta neno "vitenzi si elekezi" juu ya orodha, nikaandika "vitenzi vilivyotumika bila yambwa", tukaanza kupima kimoja kimoja. Kimbia waliielewa mara moja. "Ameishinda njaa" ilichukua muda, kisha mmoja akasema kwa sauti "kumbe ameshiba!" na wengine wakaona.

Cheka tumekubaliana kwamba peke yake haidai yambwa, ila inaipokea, na ikiipokea anayecheka anakuwa amemgusa mtu. Mwenzangu wa ofisini aliyesema ni vitenzi viwili hajakubali. Yule wa "mtaani" amekubali baada ya kusikia mfano wa mtoto mchanga.

Binti yule yule ameniachia jingine. Anasema: kama jasho linanitoka na hofu inaniingia bila -ia, kwa nini mvua lazima "ituNYESHEE"? Kwa nini hatusemi "mvua imetunyesha", wakati jua tunasema "limetuchoma"?

Mtafsiri_Rau

Choma haina shida, hiyo ni elekezi tangu mwanzo, unachoma mahindi, jua nalo linachoma mtu. Nyesha ndiyo swali. Hakuna anayeweza kuinyesha nyama au shamba, mvua inanyesha tu, na tendo linaishia kwake. Mtu akitaka kuingia humo anahitaji mlango wa -ea, sura nyingine ya ile -ia, kama anguka inavyohitaji: "limeniangukia".

Mzawa_KiruaVunjo

Lakini toka nayo inaishia kwake, na bado jasho linanitoka.

Mtafsiri_Rau

Toka ina mahali pa kuanzia. Kitu kinatoka *ndani ya* kitu. Ingia ina mahali pa kuishia, na fika vilevile, kwa hiyo nafasi ya mtu imo ndani ya maana kabla hujatia kiambishi. Kimbia ina unachokikimbia. Nyesha haina.

Mhariri_Sakina

Na anguka? Kitu kinaanguka kutoka juu hadi chini, mahali pote pawili papo. Mbona hatusemi tofali "limenianguka" bila hiyo -ia?

Mtafsiri_Rau

Hapo umenibana. Kwenye anguka, mahali ni pa tofali, mimi nimekutwa tu njiani. Kwenye ingia na toka, mahali penyewe ni mimi. Nitatafuta mifano zaidi nirudi.

Mama_Shanga_Mbuyuni

Na "usingizi umenipitia" mnaiweka wapi? Maana "umenipita" ni usiku kucha sijalala.